Wageni 400 kwa siku: ni kikomo kweli?

"Tukishapata 400 kwa siku, hiyo ndiyo idadi eneo linayoweza kubeba?"

Hapana, hiyo ni idadi inayoenea kwenye nafasi ya njia yenu ya matembezi tu. Aliyewapa hiyo 400 amepiga hesabu vizuri ila ameishia katikati. Njia ya mita 1,000, kila kundi la watu 10 likitengewa mita 100, inachukua watu 100 kwa mara moja. Matembezi ni saa 2, lango liko wazi kwa saa 8, yaani zamu 4, ndiyo mnapata 400. Sasa punguzeni: mvua ya mchana ikifunga njia kwa saa 2, zinabaki zamu 3, yaani 300. Waongozaji wakitosha makundi 6 tu kwa kila zamu, ni 180. Hiyo ndiyo ya kupangia kazi.

Hata hiyo 180 ichunguzeni kwa kuangalia hali ya njia yenyewe. Njia ikizidi kupanuka na mizizi kutokeza, huenda watu wanakwepa tope kwa kupita pembeni. Tengenezeni njia kwanza, maana kupunguza wageni peke yake huenda kusisaidie.

Aliyeuliza kama vitanda vya hoteli yake ndivyo kikomo cha wageni: hilo ni suala jingine, na mara nyingi maji safi na majitaka huzidiwa kabla ya vitanda kujaa.