Chaucer na shtaka la 1380

"Nimesoma kwamba Chaucer, mshairi Mwingereza wa karne ya 14, alishtakiwa kwa ubakaji. Hati ya mahakama si inatosha?"

Haitoshi, maana siyo hati ya mashtaka. Ni ya Mei 1380, na ndani yake Cecily Chaumpaigne anamwondolea Chaucer madai yote yahusuyo "raptus". Neno hilo la Kilatini lilibeba maana ya ubakaji, lakini pia ya kumchukua mtu kutoka kwa bwana au mlezi wake. Kwa zaidi ya miaka 100 kila msomaji alichagua maana aliyoipenda. Mwaka 2022 zikatangazwa hati nyingine: Thomas Staundon aliwashtaki wote wawili, Chaucer na Cecily, chini ya sheria ya wafanyakazi, akidai mtumishi wake Cecily ameondoka kabla ya muda wake kwisha akaenda kwa Chaucer. Yaani walisimama upande mmoja! Kwa hiyo usianze na lile neno zito. Tazama nani anamdai nani na kwa sheria ipi, kisha itafute hati iliyofungua kesi. Hati ya kuondoa madai huja mwishoni na haisimulii kisa.

— Basi kasafishwa kabisa.

— Polepole, ndugu. Hati zinaonyesha mgogoro wa ajira. Yaliyopita kati yao nyumbani hayakuulizwa, na wataalamu bado wanavutana.

— Mimi babu yangu yumo kwenye daftari la mahakama kama mshtakiwa, hukumu siioni. Ina maana alifungwa?

— Jina kwenye daftari ni tuhuma tu. Huenda walipatana nje ya mahakama.