Lengo la kampeni ndilo linalochagua watu: kwa vijana wetu wapya wa matangazo

Juma lililopita kijana mmoja wa ofisini kwetu hapa Malindi aliniletea simu yake huku uso umemchangamka, akanionyesha kwamba tangazo la Facebook la mteja wake wa Watamu, mwenye nyumba za wageni, linaleta mibofyo kwa shilingi tatu kila mmoja. Nilimuuliza ni wageni wangapi waliouliza tarehe, akanijibu kwamba bado, lakini mibofyo ni mingi. Nilinyamaza kidogo, kwa sababu sentensi hiyo niliwahi kuitamka mimi mwenyewe, kwa sauti hiyo hiyo, mbele ya mzee aliyekuwa amenipa pesa zake. Yafuatayo nayaandika kwa ajili ya kijana huyo na wenzake watatu walioanza kazi mwaka huu. Kuweka bajeti na kuandika maneno ya tangazo mnakujua, kwa hiyo sitarudi huko.

1. Hadhira ni ua tu; lengo ndilo linaloamua nani ndani ya ua huo ataliona tangazo.

Wengi wenu mnatumia saa nzima kuchagua umri, mji na mapendeleo, kisha lengo la kampeni, yaani kitendo mnachotaka watu wafanye, mnalichagua kwa sekunde mbili. Mkishaandika Nairobi na Mombasa, umri wa miaka 28 hadi 55, mmepata watu wengi kuliko bajeti yenu inavyoweza kuwafikia, na mtambo wa Facebook unaogawa matangazo lazima uwachague wachache miongoni mwao. Hauwachagui kwa kura. Kila nafasi ya tangazo inapofunguka kwenye simu ya mtu hufanyika mnada, na nguvu yenu katika mnada huo hutokana na dau mlilotoa likizidishwa kwa kadirio la uwezekano kwamba mtu huyo atafanya kitendo mlichokiomba, kisha ikaongezwa alama ya ubora wa tangazo. Kadirio hilo hutokana na mazoea ya mtu mwenyewe, yaani yale ambayo amekuwa akiyafanya matangazo yanapompitia.

Fikirieni watu wawili ndani ya ua mmoja. Wa kwanza ni mhasibu wa Nairobi ambaye hupitia matangazo bila kuyagusa, lakini kila Desemba hulipia nyumba ya pwani kwa siku tano. Wa pili ni mtu ambaye kidole chake hugusa kila kitu kinachong'aa. Mkiomba mibofyo, mtambo utamthamini wa pili na kumsahau wa kwanza, na mkiomba malipo, mambo yatageuka. Bahari ni moja, lakini jarife na dema havileti samaki wa aina moja, na mvuvi hawezi kuilaumu bahari kwa chombo alichokitupa mwenyewe.

2. Lengo la Traffic huleta wabofyaji. Hapa itanibidi niungame.

Katika mwaka wangu wa pili wa kazi hii nilipewa nyumba ya wageni ya Shela, kisiwani Lamu. Ilikuwa nyumba ya mawe ya ghorofa mbili, yenye daka zuri la kupokea wageni na paa linalotazama mlango wa bahari. Mwenyewe alikuwa mzee mpole ambaye hakuwahi kutangaza mtandaoni, na alinipa shilingi 45,000 kwa siku 15 kabla ya msimu wa Desemba. Nilifungua Ads Manager nikachagua Traffic, kwa hoja iliyonionekea timamu kabisa: mgeni hawezi kuweka nafasi bila kufika kwenye tovuti, basi tuwafikishe kwenye tovuti. Katika seti ya matangazo niliacha Link clicks, na mahali pa kuonekana nikaacha kila kisanduku kikiwa na alama ya tiki.

Siku ya 15 nilikuwa na mibofyo 7,500 kwa shilingi sita kila mmoja. Nilipanda boti kutoka Lamu mjini hadi Shela nikiwa na ripoti ya rangi mkononi. Mzee alinikaribisha dakani, akaagiza kahawa, akavaa miwani na kuisoma ripoti ukurasa kwa ukurasa, kisha akanionyesha simu yake. Ilikuwa na ujumbe nne tu. Wawili walikuwa wakitafuta kazi, mmoja aliuliza kama anauza mikeka, na wa nne aliandika "hi" akanyamaza. Mzee akaniuliza kwa upole ambao mpaka leo hunichoma: "Mwanangu, watu elfu saba wamepita dakani pangu, na hakuna hata mmoja aliyebisha hodi?"

Usiku ule, nikiwa Lamu mjini, nilifanya kazi ambayo nilipaswa kuifanya siku ya tatu. Kwanza nililinganisha mibofyo na Landing page views, nikakuta kwamba kati ya mibofyo 7,500 ni mara 2,250 tu ambapo ukurasa ulifunguka hadi mwisho. Saba katika kila kumi walikuwa wameondoka kabla hata picha ya daka haijaonekana. Pili, nilifungua Breakdown nikagawanya matokeo kwa Placement, na hapo nikaona kwamba mibofyo 5,400 ilitoka Audience Network, yaani ndani ya michezo na programu za watu wengine, ambako mtu hugusa tangazo akilenga alama ya kulifunga. Mtambo haukunidanganya. Niliuomba mibofyo kwa bei nafuu kabisa, nao ukaenda mahali mibofyo inapookotwa.

Nilijaribu kuponya kidonda kwa plasta. Nilifungua seti nyingine ndogo kwa pesa zangu mwenyewe, nikaiondoa Audience Network, na badala ya Link clicks nikachagua Landing page views. Kurasa zikaanza kufunguka kikamilifu, na bado hakuna aliyeuliza tarehe. Ilinichukua siku nne kuelewa kwamba sasa nilikuwa nimeomba watu wenye tabia ya kusubiri ukurasa ufunguke, na kusubiri ukurasa si kusafiri.

Madhara hayakuishia hapo, na sehemu hii ndiyo ambayo vijana hawaambiwi. Nilikuwa nimehifadhi wote waliofika kwenye tovuti kama hadhira maalumu, kisha nikauomba mtambo unitafutie watu wanaofanana nao. Ukawatafuta kwa uaminifu mkubwa. Nikapata maelfu ya watu wanaofanana na wagusaji wa bahati mbaya, na kampeni iliyofuata ikaanza kwa mguu uliovunjika. Ilibidi nifute hadhira zote mbili na kuanza upya kwa orodha ya wageni 140 ambayo mzee alikuwa ameiandika kwa mkono kwenye daftari, baada ya yeye mwenyewe kuwaomba ruhusa wale ambao bado walikuwa wakiwasiliana naye.

Sisemi Traffic haina kazi. Gazeti au mtu mwenye makala ya kusomwa anaweza kuitumia, ilimradi asome Landing page views badala ya mibofyo.

3. Ujumbe huleta wanaopenda kuzungumza, na si kila anayezungumza ananunua.

Mzee wa Shela alikubali kunipa shilingi 15,000 za mwisho, kwa sharti kwamba nikae naye tukijibu pamoja. Safari hii nilichagua Engagement, nikaelekeza tangazo kwenye WhatsApp, na lengo la utendaji likawa mazungumzo. Tulipata mazungumzo 125, kwa shilingi 120 kila moja, yaani mara ishirini ya bei ya mbofyo niliokuwa nikijivunia. Hamsini na kitu waliandika salamu iliyotangulia kuandikwa na mtambo wakatoweka, wengi wakauliza bei wakatoweka, tisa wakataja tarehe, na watatu wakatuma arbuni kwa M-Pesa. Hiyo ni shilingi 5,000 kwa kila nafasi iliyolipiwa, katika nyumba ambayo usiku mmoja ulikuwa shilingi 6,500 na hakuna aliyekaa chini ya siku tatu.

Angalieni lakini kile ambacho mtambo unahesabu hapa: unahesabu kuanza kwa mazungumzo. Arbuni ya M-Pesa hauioni, kwa hiyo utaendelea kuwatafuta wapenda salamu mpaka mwisho wa dunia. Dawa tuliyoipata ilikuwa ndani ya tangazo lenyewe. Tuliandika bei ya usiku mmoja na idadi ndogo ya siku, tukabadilisha salamu ya kwanza iwe swali la tarehe na idadi ya watu. Mazungumzo yakapungua na gharama ya kila moja ikapanda, lakini wenye tarehe wakaongezeka. Wateja hulalamika wakiona gharama inapanda hivyo, basi waelezeni mapema. Na asiyeweza kujibu ndani ya saa moja asinunue mazungumzo.

4. Reach, iliyo ndani ya lengo la Awareness, hutafuta watu wengi kwa bei ndogo, na haijali watakachofanya.

Itumieni pale ambapo eneo ni dogo na kila mtu anahitaji kujua jambo lisilohitaji kubofywa, kama vile saa mpya za boti za Mokowe na Lamu, na wekeni kikomo cha mara ngapi mtu mmoja ataliona.

5. Sales inahitaji chakula.

Mkishaumizwa na Traffic mtakimbilia Sales na kuchagua Purchase, mkidhani mmekuwa watu wazima. Seti ya matangazo huhitaji takribani matokeo 50 ndani ya siku saba ili itoke katika hatua ya kujifunza. Nyumba ya Shela ilikuwa inapata malipo matatu kwa mwezi kupitia tovuti, kwa sababu waliobaki walipiga simu na kutuma pesa moja kwa moja, na pikseli, kile kipande cha msimbo kwenye tovuti kinachouarifu mtambo, haina masikio ya kusikia simu. Mtambo ulioonyeshwa wanunuzi watatu hauna cha kujifunza, nao huandika Learning limited na kutapatapa. Katika hali hiyo nilirudi nyuma hatua moja katika njia ya mgeni, nikaomba tukio linalotokea mara nyingi zaidi lakini bado lina nia ndani yake, nalo ni kujaza fomu ya tarehe, ambayo tuliipa jina la Lead. Hakikisheni tukio hilo linahesabiwa kwenye ukurasa wa shukrani, baada ya fomu kutumwa. Likihesabiwa pale fomu inapofunguliwa tu, mmejirudishia Traffic kwa bei ya Sales.

Mtaona pia kwamba gharama ya kuonekana mara elfu inapanda mkitoka Traffic kwenda Sales. Watu wenye mazoea ya kulipa hugombewa na wenye hoteli, mashirika ya ndege na wauza nguo wote kwa pamoja, na wale wa shilingi tatu hawana anayewagombea.

Yule kijana mwenye mteja wa Watamu alitaka kubadilisha lengo papo hapo, na skrini ikamkatalia, kwa kuwa lengo la kampeni iliyokwisha kuchapishwa halibadilishwi. Alitengeneza kampeni mpya ya ujumbe, akaandika bei ndani ya tangazo, akaizima ile ya zamani. Jumatano alikuja tena mezani kwangu na simu mkononi, safari hii bila tabasamu, akilalamika kwamba ana mazungumzo 11 tu kwa siku mbili na kwamba kila moja limemgharimu shilingi 140. Nilimwomba anisomee yaliyoandikwa. La tatu lilikuwa la mama mmoja wa Nakuru aliyeuliza kama tarehe 20 hadi 26 ziko wazi kwa watu wazima wanne na watoto wawili, na lilikuwa limekaa saa tano bila kujibiwa.