Zabibu, hamira na ile fosfeti ya mwisho

Swali la wiki: "Tumefundishwa kwamba hatua yenye ΔG chanya, yaani inayodai nishati huru badala ya kuitoa, haiendi yenyewe. Sasa seli 'ikivunja' ATP pembeni, ile nishati inahamaje hadi ikasukume hatua nyingine?"

Haihami. ATP, molekuli yenye fosfeti tatu mfululizo, ikikatwa na maji pembeni, mnachopata ni joto tu, na ile hatua nyingine inabaki palepale. Seli inafanya jambo tofauti kabisa, na sisi wa Dodoma tuna mfano wake karibu: juisi ya zabibu iliyotiwa hamira.

Glukosi ikishaingia ndani ya seli ya hamira, kitu cha kwanza inachofanyiwa ni kubandikwa fosfeti kwenye kaboni yake ya sita. Tuseme seli inataka kutumia fosfeti ya kawaida iliyoyeyuka humo ndani. ΔG ya kiwango kwa hatua hiyo ni +13.8 kilojuli kwa moli. Namba hiyo haina maana kwamba hatua haiendi kabisa, na hapo ndipo wanafunzi wangu hujikwaa kila mwaka. Maana yake ni kwamba inasimama mapema mno, kwa kuwa namba yake ya msawazo, K, yaani uwiano wa mazao kwa malighafi hatua inaposimama, ni kama 0.0038 tu.

Hebu tupige hesabu kwa upendeleo. Zabibu zilizoiva vizuri hutoa juisi yenye glukosi karibu gramu 100 kwa lita, sawa na moli 0.55. Tujifanye seli nzima imejaa utamu huo (haijai, ndani glukosi ni kidogo zaidi), na fosfeti ni milimoli 5 kwa lita. Zidisha 0.0038 kwa 0.55 kwa 0.005: glukosi yenye fosfeti itafika milimoli 0.01 kwa lita, basi. Hamira inayochacha huhitaji walau mara mia ya hapo. Utamu wote wa mashamba ya zabibu ya Hombolo hautoshi.

Sasa ATP. Kukatwa kwake kuwa ADP na fosfeti kuna ΔG ya kiwango ya −30.5. Jumlisha na +13.8 upate −16.7, na K inaruka hadi kama 850. ATP ikiwa mara tatu ya ADP, msawazo ungeruhusu glukosi yenye fosfeti kuwa zaidi ya mara 2,500 ya glukosi tupu.

Lakini kujumlisha kwenye karatasi hakuunganishi chochote. Ukichanganya ATP na glukosi kwenye mrija wa maabara bila kimeng'enya, zitakaa humo siku nzima bila kujuana. Kinachoziunganisha ni heksokinesi. Glukosi ikiingia kwenye mfuko wake, kimeng'enya hujifunga, maji yanasukumwa nje, na fosfeti ya mwisho ya ATP inakabidhiwa glukosi moja kwa moja. Haipiti majini hata kidogo. Kwa hiyo ile hatua ya +13.8 haikusukumwa na mtu, haikutokea kabisa. Imetokea hatua nyingine, moja, yenye −16.7.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni wa zailosi, sukari inayofanana na glukosi ila haina kaboni ya sita. Heksokinesi huipokea na kujifunga vilevile, lakini mahali palipopaswa kuwa na mkono wa kupokea fosfeti pana nafasi ya molekuli ya maji. Basi maji ndiyo yanayopewa fosfeti. ATP inaliwa, sukari haibadiliki, mrija unapata joto kidogo. Hapo ndipo ATP "imevunjwa" kweli, na haijafanya kazi yoyote.

Nini kinaifanya ATP iwe mtoaji mwepesi? Si kwamba kifungo chake kimejaa nishati inayomwagika kikikatika. Kukata kifungo chochote kunagharimu nishati. Faida inatoka kwenye mazao. ATP ina chaji hasi karibu nne zilizobanana na zinazosukumana. Fosfeti ya mwisho ikiondoka, msukumano unapungua, na fosfeti yenyewe inatawanya chaji yake kwenye oksijeni zake na kuzungukwa vizuri na maji.

Pia ile −30.5 ni ya viwango vya kitabuni. Katika chembe nyekundu ya damu, ambako ATP ni kama mara tisa ya ADP na fosfeti ni chini ya milimoli 2 kwa lita, ΔG halisi hukaribia −52. Nguvu hiyo ya ziada inatokana na seli kuitengeneza upya ATP muda wote ili isifike msawazo. Ikifika, ΔG ni sifuri, na ATP iliyobaki haisaidii kitu.

Hamira nayo hutanguliza ATP mbili kwa kila glukosi kabla ya kuvuna nne baadaye. Seli iliyoishiwa ATP inaweza kuelea kwenye pipa la juisi tamu kuliko zote, na heksokinesi yake isiwe na fosfeti ya kukabidhi.

Mwalimu wa kemia, Dodoma