Ovataimu ya godauni inapungua kidogo kidogo, nitajuaje kama ni fomula?

Swali: Shikamoo mkuu. Mimi ni karani wa godauni, kila mwisho wa mwezi najumlisha ovataimu za wapakiaji kwenye Excel afu napeleka kwa mhasibu. Wanalalamika hela pungufu, ila sio nyingi, na nikiangalia fomula haina tatizo, jumla zinalingana. Kuraundi namba tu kunaweza kumpunja mtu mshahara kweli? Nitajuaje?

Jibu: Marahaba. Ndiyo, inaweza, na hiyo ya "jumla zinalingana" ndo imenikumbusha jamaa mmoja, karani kama wewe, godauni moja huku Dar ambako niliitwa kuweka peiroli yao vizuri. Ngoja nikusimulie maana utajiona humo ndani.

Pale watu wanatoka kazini saa 11 jioni, ila gari likiwa halijajaa wanaendelea hadi lijae, kwa hiyo ovataimu yao kila siku ina dakika za ajabu ajabu, leo saa mbili na dakika mbili, kesho saa moja na dakika 44. Mashine ya kidole inarekodi muda wa kutoka, karani anauhamishia kwenye shiti yake, shiti inatoa masaa, mhasibu anazidisha na reti. Wapakiaji walikuwa 31. Manung'uniko yalikuwepo muda mrefu ila hakuna aliyeyashika, kwa sababu mtu akilalamika wanamfungulia shiti, wanajumlisha mbele yake kwa kalkuleta, inatoka ile ile, anarudi zake kupakia.

Sasa kilicholeta mambo ni watu wawili waliotoka siku moja. Mmoja alitoka saa 12 na dakika 31 jioni, mwenzake akabaki kufunga turubai akatoka saa 12 na dakika 44, na wote mshahara mmoja. Yule wa pili ana kadaftari kake kadogo anaandika kila siku saa aliyotoka, akaja kuuliza, mimi nimebaki dakika 13 zaidi, mbona siku ile tumelipwa sawasawa? Nikamwambia lete daftari. (Kama na wewe utaletewa daftari, kumbuka watu wanaandika saa za Kiswahili. Yeye aliandika 12:44, mashine inasema 18:44, ongeza sita ndo ulinganishe. Mhasibu wa pale alishawahi kulikataa hilo daftari eti halifanani na mashine, kumbe linafanana dakika kwa dakika.)

Nikafungua seli ya siku hiyo kwenye shiti, nikakuta hivi:

```
=ROUNDDOWN((C2-B2)*24*4,0)/4
```

B2 ni 17:00, C2 ni muda wa kutoka. Excel inahifadhi muda kama kipande cha siku, kwa hiyo kuzidisha na 24 kunakupa masaa, kuzidisha tena na 4 kunakupa robo saa ngapi. Mpaka hapo safi. Shida ni hiyo ROUNDDOWN, inakata mabaki yote chini. Dakika 91 na dakika 104 zote zinakuwa saa moja na nusu. Ukipita robo saa kwa dakika 14, hizo 14 zimeenda, na haijalishi siku ngapi.

Nikachukua wiki moja ya yule mwenye daftari. Mshahara wake wa msingi tuseme 390,000. Kwa sheria yetu ya ajira masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki, ukizidisha na wiki nne na theluthi unapata 195 kwa mwezi, kwa hiyo saa yake moja ni 2,000 na ovataimu ni mara moja na nusu, yaani 3,000. Jumatatu alifanya dakika 122 akalipwa 120. Jumanne 104, akalipwa 90. Jumatano 147, akalipwa 135. Alhamisi 95, akalipwa 90. Ijumaa 185, akalipwa 180. Jumla kafanya dakika 653, kalipwa 615, zimepotea 38, ambayo ni shilingi 1,900 kwa wiki. Ndo maana walikuwa wanalalamika bila kuweza kuthibitisha, elfu moja na mia tisa ni nauli na chapati, mtu anahisi tu kuna kitu.

Ila hiyo peke yake haitoshi kusema fomula ni mbovu, na hapa ndo penye jibu lako. Kuraundi kokote kunaacha tofauti. Ungeraundi kwenda robo saa iliyo karibu, wiki ile ile Jumatatu angepoteza dakika 2, Jumanne angeongezewa 1, Jumatano angeongezewa 3, Alhamisi na Ijumaa angepoteza tano tano, mwisho wa wiki yuko chini kwa dakika 8, shilingi 400, na wiki nyingine anaweza akawa juu. Kwa hiyo usiangalie ukubwa wa tofauti, angalia inaelekea wapi. Nilichofanya, nilitoa data ghafi ya mashine ya mwezi mzima kwenye CSV, nikaweka kolamu ya dakika halisi, pembeni kolamu ya dakika zilizolipwa (masaa ya karani mara 60), afu kolamu ya tofauti, kilicholipwa toa kilichofanyika. Nikaipanga kutoka kubwa kwenda ndogo. Mistari zaidi ya 600 na hakuna hata mmoja wenye namba chanya! Juu kabisa ni sifuri, chini kabisa ni −14, katikati zimetapakaa karibu sawasawa. Ukiona picha hiyo usihangaike kutafuta mwizi, hiyo ni kukata chini kwa robo saa, kama ingekuwa kukata kwa nusu saa ungeona zinashuka hadi −29. Na kama ni mtu anachezea namba, tofauti zingekuwa za majina fulani au siku fulani, sio za kila mtu.

Kwa nini mhasibu hakuona muda wote huo, na hata wakaguzi walipita? Kwa sababu wote walilinganisha shiti ya karani na peiroli. Hizo lazima zilingane, moja imetoka kwenye nyingine! Hata hiyo kalkuleta ya kujumlisha mbele ya mfanyakazi ilikuwa inajumlisha namba zilizokwisha katwa. Na wewe ndo hapo ulipo sasa hivi, jumla zako zinalingana na zenyewe. Rudi kwenye mashine.

Bosi akaruka moja kwa moja, karani kaiba. Nikamwambia subiri, hiyo hela haijaenda kwake, imebaki kampuni. Afu tukamuuliza mwenyewe fomula kaitoa wapi, akasema ya stoku. Kumbe kwenye shiti ya stoku alikuwa anahesabu paleti, katoni 48 kwa paleti, na paleti isiyojaa haihesabiwi, inakwenda kwenye kolamu ya katoni za rejareja. Pale kukata chini ni sahihi kabisa, na mabaki yana kolamu yake. Alipopewa kazi ya masaa akakopi akapesti, akabadilisha 48 ikawa robo saa, ila kolamu ya mabaki hakuihamisha. Dakika hazikuwa na pa kwenda.

Kurekebisha ni rahisi kuliko kutafuta. Usiraundi kila siku, hesabu dakika kamili kila siku, jumlisha dakika za mwezi, afu uraundi mara moja tu mwishoni kwenye shilingi. Ya siku, iweke kolamu D:

```
=ROUND(MOD(C2-B2,1)*1440,0)
```

1440 ni dakika za siku nzima. MOD ni kwa ajili ya anayetoka baada ya saa sita usiku, bila hiyo utapata hasi. Na ROUND hapo haimpunji mtu, ni kusafisha tu, kwa sababu muda kwenye Excel una videsimali vya ajabu, saa mbili kamili inaweza kukaa ndani kama 1.9999999 na kitu, ukiikata chini bila kusafisha unaweza kumla mtu robo nzima. Ya mwezi, reti ikiwa 3,000:

```
=ROUND(SUM(D2:D27)/60*3000,0)
```

Reti nayo usiikate. Mwenye msingi wa 345,000 ovataimu yake ni 2,653.85 kwa saa, ukiandika 2,650 ili ikae vizuri, kwa masaa 40 umemla kama shilingi 154. Ndogo, ila ni ile ile, inakwenda upande mmoja.

Kama kampuni yenu ina sera ya kuraundi robo saa basi iwe ya kwenda iliyo karibu, iandikwe, na watu waijue. Mimi binafsi siipendi, mashine inakupa dakika bure, robo saa ya nini.

Pale kwetu tulirudi nyuma miezi 14 yote ambayo fomula ilikuwepo. Wastani ulikuwa kama dakika 7 kwa siku, kwa siku 20 za ovataimu ni dakika 140, elfu saba kwa mtu kwa mwezi, zidisha watu 31 na miezi 14 unakuta milioni tatu na kidogo. Ililipwa kama malimbikizo kupitia peiroli, sio kwa bahasha, kwa sababu hela hiyo ni mshahara na ilikuwa haijakatwa PAYE wala kuchangiwa NSSF. Kila mtu alipewa karatasi yake yenye siku na dakika, hapo ndo kelele ziliisha, watu walikuwa wanataka kuona dakika kuliko hata hela. Na kwenye orodha, mstari wa 32 alikuwa karani mwenyewe, naye anafanya ovataimu, naye alikuwa amejikata muda wote huo kwa fomula yake.

Kwa hiyo usibadilishe kitu leo. Hifadhi kwanza kopi ya shiti kama ilivyo, omba CSV ya mwezi uliopita, tengeneza hiyo kolamu ya tofauti, ipange. Ukikuta mchanganyiko wa hasi na chanya, shida iko kwingine, anza kuangalia waliosahau kubonyeza wakati wa kutoka. Ukikuta hasi tupu, peleka kwa mhasibu pamoja na ile kopi ya zamani, usiende na fomula mpya peke yake, maana ataona umeficha.