Kukubali mwaliko wa usaili na kuuliza maswali katika barua hiyo hiyo

Swali: Nimepokea barua pepe inayosema nimechaguliwa kufanya usaili wa nafasi ya Mhasibu Msaidizi, Alhamisi tarehe 14 Mei 2026 saa 4 asubuhi, niende na kitambulisho na vyeti halisi, na nithibitishe kama nitafika. Hawakusema nitasailiwa na nani wala kama kuna mtihani. Naweza kuuliza bila kuonekana msumbufu? Na niandike vipi?

Jibu: Uliza. Mwajiri hukereka anapoulizwa jambo alilokwisha kuliandika. Kwa hiyo kabla ya kujibu, soma mwaliko wote hadi chini kabisa, fungua viambatisho, kisha rudi kwenye tangazo la kazi ulilojibu. Mara nyingi tangazo ndilo linalosema kwamba kutakuwa na mtihani wa kuandika. Kama wamekutumia pia mwaliko wa kalenda, tazama orodha ya waalikwa: huenda majina ya wasaili yapo hapo tayari. Kubonyeza kitufe cha kukubali kwenye kalenda hakutoshi, kwa sababu mwandaaji huona tu alama kwamba umekubali. Mwandikie.

Jibu ndani ya siku moja ya kazi, kwa kujibu barua ile ile badala ya kuanzisha mpya, ili namba ya kumbukumbu na kichwa cha barua vibaki. Kama mtu mwingine alinakiliwa, jibu wote. Angalia pia anwani iliyotuma. Ikianza na noreply, jibu lako halitasomwa na mtu. Tumia anwani au simu iliyotajwa ndani ya mwaliko.

Sasa mpangilio. Uthibitisho ukae mwanzo na usimame peke yake, bila sharti. Wengi huharibu hapa kwa kuandika "nitathibitisha nikishajua muundo wa usaili" au kwa kuanza na maswali na kumalizia na uthibitisho. Afisa anayepanga ratiba ya watu ishirini anatafuta neno moja, ndiyo au hapana. Asipoliona kwenye mstari wa kwanza anaweza kukuhesabu kama hujajibu.

Ndani ya uthibitisho rudia siku, tarehe na saa. Saa iandike kwa namna mbili. "Saa 4 asubuhi" inaeleweka, lakini mtu anayesoma haraka, au mfumo wa kompyuta unaohesabu kuanzia usiku wa manane, anaweza kuichukua kama 04:00. Na wewe ukisoma "10:00" katika mwaliko ulioandikwa kwa Kiingereza, usiigeuze kuwa saa kumi jioni. Kosa hili limewafikisha watu kwenye usaili saa sita baada ya kuanza.

Barua yako inaweza kuwa hivi:

> Ndugu Afisa Rasilimali Watu,
>
> Asante kwa mwaliko. Nathibitisha kwamba nitahudhuria usaili wa nafasi ya Mhasibu Msaidizi siku ya Alhamisi, tarehe 14 Mei 2026, saa 4:00 asubuhi (10:00), nikiwa na kitambulisho na vyeti halisi.
>
> Ili nijiandae ipasavyo, naomba kufahamishwa mambo matatu:
>
> 1. Nitasailiwa na watu wangapi, na wana vyeo gani? Kama inaruhusiwa, naomba na majina yao.
> 2. Usaili utakuwa wa mazungumzo tu, au kutakuwa na mtihani? Kama upo, ni wa kuandika kwa mkono au wa kompyuta, na kila sehemu itachukua muda gani?
> 3. Kuna eneo la majukumu yaliyotajwa kwenye tangazo ambalo usaili utalizingatia zaidi?
>
> Endapo baadhi ya haya hayatolewi kabla ya usaili, nitahudhuria kama nilivyothibitisha.
>
> Wako mwaminifu,
> (jina kamili na namba ya simu)

Katika swali la kwanza vyeo vimetangulia majina kwa makusudi. Ofisi nyingi, hasa za umma, hazitaji majina ya wasaili ili waombaji wasiwafuate pembeni, lakini hazioni shida kutaja vyeo. Ukiomba majina peke yake huenda ukanyimwa vyote viwili. Na ukipewa majina, yatumie kusoma kazi zao tu. Usiwapigie, usiwatumie ujumbe, wala usiombe urafiki mtandaoni: matangazo mengi ya kazi husema wazi kwamba kumshawishi msaili kunamwondoa mwombaji.

Swali la tatu ndilo ambalo watu huliandika vibaya zaidi. Wanauliza "nijiandae vipi?", wanajibiwa "jiandae vizuri", na hapo wamepoteza nafasi ya kuuliza. Mtu hujibu kwa urahisi zaidi akipewa kitu cha kuchagua, ndiyo maana sentensi imeelekezwa kwenye majukumu ya tangazo. Usizidishe maswali matatu. La nne huwa ni mshahara, na hapa si mahali pake.

Tuseme wamejibu hivi: jopo la watatu, yaani Mkuu wa Idara ya Fedha, Mkaguzi wa Ndani na Afisa Rasilimali Watu, mtihani wa Excel dakika 30, kisha mazungumzo dakika 40. Jibu hilo fupi limekupa karibu maandalizi yote. Mtihani wa Excel kwa mhasibu msaidizi una uwezekano mkubwa wa kugusa usuluhisho wa benki, basi fanya zoezi moja kamili kwa kuhesabu muda: hundi zilizotolewa ambazo benki haijalipa, fedha ulizoweka ambazo hazijaonekana kwenye taarifa ya benki, na makato ya benki ambayo hayamo kwenye daftari lako. Pitia pia SUMIFS na VLOOKUP hadi uziandike bila kutafuta msaada.

Mkaguzi wa Ndani kwenye jopo ni ishara kubwa. Yeye atataka kujua unavyoelewa udhibiti: kwa nini anayeidhinisha malipo asiwe yule yule anayeyaandika vitabuni, na utafanya nini ukiletewa risiti isiyo na saini. Mkuu wa Fedha atauliza zaidi juu ya kufunga hesabu za mwezi.

Dakika 40 nazo zina hesabu yake. Toa kama kumi za utambulisho na za maswali yako mwishoni, zinabaki 30. Wakiuliza maswali manane, kila moja lina chini ya dakika nne, pamoja na muda wa kuuliza na kudadisi. Jizoeze kujibu kwa dakika mbili. Anayejibu kwa dakika sita huacha maswali matatu au zaidi bila kuguswa, na kwenye fomu ya alama hayo huwa sifuri.

Wasipojibu, subiri hadi siku mbili za kazi kabla ya usaili, yaani Jumanne tarehe 12, kisha tuma kumbusho moja la mistari miwili, au piga simu saa za kazi na uulize swali la pili peke yake. Hilo ndilo lenye madhara makubwa usipolijua, kwani maandalizi ya mtihani hayafanywi usiku mmoja. Wakinyamaza tena, jiandae kana kwamba mtihani upo: nenda na kalamu mbili na kikokotoo cha kawaida, na fika dakika 20 mapema.