Sufuri ya katikati: mtoto kaandika 43, jibu ni 403

Juzi baada ya isha, mama mmoja wa Langoni, hapa Lamu, alinitumia picha ya daftari pamoja na ujumbe huu. Kaniruhusu niuweke hapa.

"Assalam alaykum mwalimu, samahani kwa usumbufu. Hesabu hii ya mwanangu imetiwa mkasi. Nimeifanya kwa simu nikapata 403, nikamwambia aandike hivyo, akaandika. Sasa ananiuliza hiyo sufuri imetoka wapi, nami sina la kumjibu. Nimweleze vipi?"

Waalaykum salaam, mama. Kwanza umefanya jambo ambalo wazazi wengi hawalifanyi: umepiga picha ya kazi ya mtoto, na alama za raba zikiwamo. Wengine hunitumia swali peke yake, kisha wanataka niwaambie mtoto amekosea wapi. Swali haliwezi kuniambia hilo.

Hesabu ni 4,836 kugawa kwa 12. Mtoto ameanza vizuri. Ameona 12 haiingii kwenye 4, akachukua 48, akaandika 4 juu ya ile 8, akatoa, akabaki na sufuri. Kisha akashusha 3. Kuona 3 ni ndogo mno kwa 12, akashusha na 6 papo hapo, akapata 36, akaandika 3 kando ya 4. Kwenye picha, 3 na 6 zimeshushwa kwa mshale mmoja. Kosa liko hapo. Jedwali la 12 analijua, na kutoa anajua.

Mwambie hivi: ukishaandika tarakimu ya kwanza ya jibu, kila tarakimu unayoishusha inadai yake juu. Umeshusha 3, 12 haiingii hata mara moja, basi andika 0. Ndipo ushushe 6.

```
      403
12 | 4836
     48
     --
      03
       0
      --
       36
       36
       --
        0
```

Lakini sheria peke yake ataisahau kabla ya Ijumaa. Mpe pesa. Mwambie kuna shilingi 4,836 za kugawia watu 12, na pesa zenyewe ni noti za mia 48, sarafu tatu za kumi na sarafu sita za shilingi moja. Noti 48 kwa watu 12, kila mtu anapata nne. Sarafu tatu za kumi hazitoshi watu 12, kwa hivyo hakuna anayepata sarafu ya kumi. Hiyo ndiyo sufuri yake. Sasa zivunje zile tatu ziwe shilingi 30, ongeza sita zilizokuwapo, ni 36, kila mtu apate tatu. Mkononi mwa kila mmoja mna noti nne za mia, hakuna sarafu ya kumi, na shilingi tatu. Akisema 43, muulize zile noti nne zimegeuka lini kuwa sarafu za kumi.

Njia hii nimeitumia miaka mingi. Mkubwa wangu mmoja aliwahi kunikemea mbele ya walimu wenzangu kwa kuingia darasani na mfuko wa sarafu, eti darasa la sita si chekechea. Nilinyamaza siku ile, na hadi leo neno lile halijanitoka. Lakini sarafu sikuziacha, na watoto wa darasa lile sufuri ya katikati hawakuipoteza tena. Nalisema kwa majivuno, na sioni haya.

Wazazi, simu si mwalimu. Inatoa 403 na kunyamaza. Kama mnataka kuitumia, itumieni baada ya mtoto kumaliza, na hata hapo afadhali akague mwenyewe: 43 mara 12 ni 516, mbali kabisa na 4,836. Tena kabla hajaanza anaweza kujua jibu lina tarakimu ngapi. Ya kwanza inakaa juu ya 8, na baada yake zimebaki 3 na 6, basi jibu ni la tarakimu tatu. Asipoona tatu, arudi nyuma. Na msimfutie! Kazi iliyofutwa haina cha kumfundisha mtu.

Kama mtoto wako anakwama hata kwenye 48, tatizo ni jingine. Aandike pembeni 12, 24, 36, 48, akiongeza 12 hadi 108, ndipo aanze kugawa.

Mama, kesho mpe 4,807 kwa 12. Hapa sufuri ni mbili, na ya mwisho ndiyo huwaponyoka wengi, kwa sababu baada yake hakuna cha kushusha. Akiandika 4 baki 7, azidishe: 4 mara 12 ni 48, ongeza 7 ni 55. Jibu ni 400 baki 7.