Kaumwa na kifutu, tumemfunga mpira

"Mdogo wangu kaumwa na kifutu kifundoni. Tumefunga mpira chini ya goti. Tuchanje tunyonye sumu wakati tunasubiri pikipiki?"

Msichanje, msinyonye. Sumu imeshazama kwenye nyama, mdomo hauifikii, na sumu ya kifutu inaweza kuzuia damu kuganda, kwa hiyo chale zitavuja sana. Mpira ndio unaonitia hofu zaidi: sumu hii huozesha nyama pale ilipoingia, nanyi mmeibana hapo hapo na kuunyima mguu damu. Ila msiufungue ghafla njiani, sumu isije ikamwagika mwilini kwa mkupuo. Waambieni wahudumu umefungwa saa ngapi, waufungue wao.

Mvueni kiatu na bangili kabla ya uvimbe kupanda. Kazeni mguu kwa ubao na kanga, bila kubana. Asitembee, kwenye pikipiki akae katikati, mtu amshike kwa nyuma. Chora kalamu uvimbe unapoishia, andika na saa. Aspirini na diklofenaki asipewe, zinaongeza hatari ya kuvuja damu.

"Kwetu tunaweka jiwe jeusi, na watu wanapona."

Ndugu, mara nyingine nyoka huuma bila kutoa sumu. Huyo angepona hata bila jiwe.

"Na akiwa swila?"

Hapo angalieni kope kulegea na pumzi. Akitapika, mlazeni ubavu wa kushoto.